Jibu la Swali la Moshi

Kabatesi hakuwa mtu wa kubahatisha. Naanza na hilo kwa sababu baadaye watu walimwita mzembe, na waliomwita hivyo hawakuwahi kukaa naye hata nusu saa akiwa kazini. Mimi nilikaa naye miaka miwili, meza kwa meza, tukigawana chapati na kusemana. Kama kuna mzembe katika habari hii, tutafika kwake, na sitamtafuta mbali.

Duka letu liko ghorofa ya kwanza ya jengo moja nyuma ya soko la Gisenyi. Ukipanda ngazi hutaona duka. Utaona chumba kimoja cha maboksi, meza tatu, mlango wa ofisi ndogo, simu nyingi zikichajiwa, na mimi, Mukeshimana, nikiwa na gundi ya karatasi mkononi. Wateja wetu wanaliona duka kwenye simu zao tu. Wanaangalia picha, wanabonyeza, mimi nafunga boksi, na Sano analipeleka kwa pikipiki. Sano ni mtu mzima wa miaka hamsini, mkimya, anayezijua njia zote za wilaya hadi zile ambazo hazistahili kuitwa njia.

Mwenye duka ni Cedric. Alikulia Uganda, akarudi na mtaji na haraka. Mwaka jana alileta majiko ya mkaa mbadala, ule unaofinyangwa kama vitofali vidogo vyenye matundu. Majiko mazuri kweli, yanang'aa, bei yake si ya kutisha. Lakini hayakuuzika. Cedric alituonyesha kwenye kompyuta: watu mia tatu wanaufungua ukurasa wa jiko kwa wiki, arobaini wanalitia kwenye kikapu, wanne wananunua.

"Wamefika hadi mlangoni wakarudi," akasema. "Kwa nini wanasita? Kabatesi, nitafutie kinachowasitisha, ukiondoe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kabatesi. Yeye ndiye aliyeandika maneno yote ya duka, kwa Kinyarwanda, kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili kwa ajili ya wateja wa mpakani na wa Goma. Alizaliwa Karagwe, wazazi wake wakiwa wakimbizi, kama mimi, ndiyo maana Kiswahili chetu kilifanana na tulikuwa tukiwacheka wengine, nao wakitucheka sisi.

Wengine wangekaa wakabuni maswali kichwani, wakajijibu wenyewe: jiko letu ni bora kwa nini, kwa nini ununue kwetu. Maswali ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuuliza. Kabatesi alikuwa akiyadharau maandishi ya namna hiyo, na alikuwa na mdomo. Yeye alichukua simu za duka, akasoma ujumbe wa wateja wa miezi mitatu, akasikiliza na sauti walizotuma, na kila swali akalinakili kwenye daftari kama lilivyoulizwa, na jina la aliyeuliza. Upande wa kulia wa ukurasa aliandika aina ya swali na kupiga mstari mmoja kila lilipojirudia. Mnaleta hadi Cyanzarwe? Mistari hamsini na miwili. Nalipa kabla sijaliona? Arobaini na tisa. Likipasuka namrudishia nani? Mkaa wake nikiishiwa naupata wapi? Linatoa moshi?

Swali la moshi lilikuwa na mistari arobaini na minane. Lilikuja kwa sura nyingi: mmoja jiko lake limo ndani ya nyumba na ukuta ameupaka rangi nyeupe, mwingine mama yake ana pumu, mwingine jirani analalamika. Kabatesi aliyakusanya yote pamoja. Ndivyo kazi inavyofanywa, kwa sababu mteja hawezi kusoma maswali mia mbili. Ukiyafanya manane, yale yanayowarudisha watu mlangoni, atayasoma.

Kisha akaandika majibu, kwanza kwenye daftari lile lile. Neno la kwanza liwe ndiyo au hapana. Baada yake jambo moja la kushika, idadi ya siku au jina la mahali. Sentensi tatu zisizidi. Akishaandika alimwita Sano, akamsomea, akamwambia amweleze kwa maneno yake alichoelewa. Sano akiuliza swali juu ya jibu, basi jibu halijakamilika, linarudi kuandikwa. Lile la malipo lilirudi mara nne. Lile la moshi Sano alilielewa mara ya kwanza.

"Je, linatoa moshi? Hapana. Mkaa wake ukishashika vizuri hauna moshi, na unaweza kulitumia ndani ya nyumba bila kuchafua ukuta wala kusumbua kifua."

Cedric alilisoma akapiga meza kwa furaha. Akataka maswali yote manane yawekwe pale pale chini ya bei, karibu na kitufe cha kununua, mahali mtu anaposita. Kabatesi alikuwa tayari ameyaweka hapo. Wiki ya kwanza yaliuzwa majiko kumi na moja, wiki ya pili kumi na tisa, na ujumbe wa kuuliza moshi ukakoma kabisa. Tulinunua soda. Nilimwambia Kabatesi kwamba akiendelea hivi nitavunjika mgongo kwa kufunga maboksi, naye akaniambia mgongo wangu ulishavunjika zamani kwa uvivu.

Sasa nifike kwa yule mzembe niliyemtaja. Ndani ya kila boksi kulikuwa na karatasi ya kiwandani, ya maandishi madogo ya kigeni, na picha ya kitanda iliyopigwa mstari mwekundu. Niliiona mara zaidi ya mia. Nilidhani inamaanisha usisogeze moto karibu na godoro, jambo ambalo hata mtoto anajua. Niliikunja, nikaitia, nikafunga. Kabatesi hakuwahi kuiona. Yeye aliandika kwa picha na kwa maelezo ya Cedric, na hakuna aliyewahi kumfungulia boksi, na mimi niliyekuwa na kisu mkononi nilikuwa mita mbili kutoka kwake.

Alhamisi moja asubuhi uliingia ujumbe kutoka kwa mteja ambaye hakutaka kununua. Alijitambulisha kuwa muuguzi. Aliandika kwamba alikuwa analitazama jiko akasoma jibu letu la moshi, na kwamba jibu lile ni la hatari, tuliondoe. Kabatesi hakujibu kwa ujumbe, alimpigia, akaweka spika ili nami nisikie.

"Moshi kutoonekana si usalama," muuguzi alisema kwa upole. "Mkaa wowote ukiwaka unatoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Kwenye jiko la nje inapeperuka. Kwenye chumba kilichofungwa inakaa, na aliyelala haamki. Watoto ndio wa kwanza."

Kabatesi alimshukuru, akakata simu. Alifungua ukurasa na kulibadilisha jibu hapo hapo, kwa lugha zote tatu. Sasa lilisema jiko halina moshi mwingi, lakini usiliwashe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa wala chumba cha kulala, kwa sababu hewa yake inaua. Cedric akatoka ofisini kwake kuuliza kwa nini neno kuua limeandikwa karibu na bei.

"Kwa sababu inaua," alisema Kabatesi.

"Weka hiyo kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Ukiandika hapo nani atanunua?"

"Nimeshaandika, Cedric. Ukitaka lifutwe, lifute kwa mkono wako."

Hakulifuta. Nadhani aliogopa, na sikumlaumu. Alirudi ndani akafunga mlango, na baada ya muda tukamsikia akiwapigia wateja mmoja mmoja, akianza na wa juzi.

Kabatesi yeye alikuwa ameshika daftari. Aliirudia ile mistari arobaini na minane, mmoja baada ya mwingine, akisoma upande wa kushoto walichosema wenyewe. Ukuta. Pumu. Jirani. Ukuta tena. Kisha kidole kikasimama, na nikaona uso wake ukibadilika. Akanisogezea daftari. Alikuwa amenakili ujumbe wa sauti wa mwanamke wa Cyanzarwe aitwaye Kaltumu, neno kwa neno, na jiko akiliita mbabula:

"Muke ya mutoto wangu amezala juzi. Chumba yake iko na baridi sana. Ile mbabula yenu, tunaweza iweka mule na mutoto, tufunge mulango?"

Mbele yake Kabatesi alikuwa amepiga mstari mmoja, kwenye safu ya moshi. Mstari wa arobaini na nane.

"Hakuuliza moshi," akasema. "Mukeshimana, huyu hakuuliza moshi."

Tuliangalia alivyojibiwa. Siku maswali yalipowekwa, Kabatesi alikuwa amewarudia wote ambao hawakuwa wamenunua, kwa ujumbe mmoja: Mama, majibu ya maswali yote yako hapa, bonyeza. Kaltumu alibonyeza. Jumatatu, siku tatu kabla ya simu ya muuguzi, alinunua. Boksi nililifunga mimi, na Sano akalipeleka siku hiyo hiyo.

Tulimpigia mara sita, simu haipatikani. Kabatesi akavaa koti. Sikumwacha aende peke yake. Yeye akapanda na Sano, mimi nikachukua pikipiki ya kukodi, tukapanda kuelekea Cyanzarwe katika manyunyu. Njiani nilikuwa nikijiambia kwamba vijijini watu hununua kitu wakakiweka wiki nzima bila kukigusa, kwamba bibi huyo huenda anamsubiri mwanawe aje amwoneshe namna ya kuliwasha. Nilimwomba Mungu jiko lile liwe bado kwenye boksi. Sijawahi kuiombea mali ya duka isitumike isipokuwa siku hiyo.

Tulipofika tuliona turubai uani na viti vya plastiki, na watu wamekaa. Sano alizima pikipiki mbali kidogo. Kabatesi alishuka, akasimama akiwa ameshika mkoba wake, na kwa muda sikudhani kwamba atatembea. Kisha akatembea.

Tuliyoyajua tuliyapata kwa mama mmoja aliyetupa nafasi kwenye mkeka. Iribagiza, mkwe wa Kaltumu, na mtoto wake wa kiume wa wiki tatu, hawakuamka Jumatano. Mlango ulivunjwa. Iribagiza alipelekwa hospitali akiwa bado anapumua, na hadi saa ile alikuwa hajazinduka. Mtoto alikuwa ameshafariki, na walimzika siku ile ile kabla ya alasiri. Jiko lilikuwa limewekwa nje, kando ya ukuta, na bado lilikuwa linang'aa.

Watu wa pale walikuwa wa aina mbili. Upande mmoja ndugu wa marehemu mume wa Kaltumu na jamaa zao wa Goma, Waislamu. Upande wa pili watu wa Iribagiza, Wakristo wa Kanama, waliofika na kaka yake mkubwa, Rukundo. Kwa hiyo walichanganya Kinyarwanda na Kiswahili. Kaltumu alikuwa katikati, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge kichwani, na hakuwa analia. Alikuwa anashitakiwa. Mwanawe, baba wa mtoto, alikuwa hospitali na mkewe, na hapakuwa na wa kumsemea.

"Nani aliingiza moto mu chumba?" Rukundo alikuwa akisema. Hakupaza sauti. "Dada yangu hakuwa anapenda. Alisema atavumilia baridi. Ni wewe, mama. Ni wewe ulisema mulango ifungwe."

"Ni mi," alijibu Kaltumu. "Lakini mi niliuliza. Mi si mujinga. Mbele ya kununua niliuliza benye duka, na walinijibu. Waliandika hapana, haina matata, weka mu nyumba. Twahir alinisomea."

Akachomoa simu kwenye nguo, ya zamani, kioo chake kimepasuka. Ilikuwa imezimwa tangu msiba, ndiyo maana hatukumpata. Akaiwasha, akampa mpwa wake Twahir, kijana mwenye kofia ya kufuma. "Basomee. Basomee vile waliniandikia."

Twahir aliifungulia kwanza ile sauti. Tukamsikia Kaltumu wa wiki tatu zilizopita, mchangamfu, akiuliza juu ya chumba na baridi na mtoto, na nyuma yake mtoto mchanga akilia kidogo. Baadhi ya wanawake walifunika nyuso. Kisha Twahir akabonyeza ule mstari wa kufungua ukurasa wetu. Mtandao wa kule ni mzito, tulisubiri wote. Nilimtazama Kabatesi na nikajua, sekunde moja kabla ya Twahir kusoma, kitu gani kitasomwa.

"Usiliwashe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa," Twahir alisoma, "wala chumba cha kulala. Hewa yake inaua."

Akaliangalia tena, akashusha chini kidole, akapandisha. Hapakuwa na lingine.

"Haiko ile," akasema. "Auntie, haiko ile nilikusomea."

Rukundo alinyoosha mkono, akaichukua simu, akasoma mwenyewe kwa sauti hadi mwisho. "Waliandika," akasema. "Waliandika inaua, na uliiweka. Halafu unatuletea uongo mbele ya watu."

Nilimwona Kaltumu akianza kujitilia shaka yeye mwenyewe, akimtazama Twahir, akiitazama simu, kama mtu aliyeweka kitu mahali na sasa hakioni. Hicho ndicho kilichonichoma kuliko turubai na viti. Tulikuwa tumemnyima jibu alipouliza, na sasa, kwa kusahihisha kosa letu asubuhi ile, tulikuwa tumemwibia hata ushahidi kwamba aliuliza. Watu wa Kanama wangeondoka na neno moja, na neno hilo lingekaa na Kaltumu mpaka kaburini: alionywa, akafunga mlango.

Nilimshika Kabatesi mkono. Nakiri nilifanya hivyo, na sikumshika kumpa moyo. Nilimshika ili tusimame polepole, tuondoke, turudi mjini, tutafakari, tumwulize Cedric, tumwulize mtu wa sheria. Hakuna aliyetujua pale. Tulikuwa wanawake wawili tu waliokuja kwenye msiba.

Alisita. Miaka miwili alikuwa akiwaondolea watu wengine kusita, na mimi nilimwona pale kwenye mkeka akisita yeye, ameinamisha kichwa, vidole vyake vimekaza mkoba. Haikuwa muda mrefu. Akautoa mkono wangu, akasimama.

"Mama hasemi uongo," alisema kwa Kinyarwanda, kisha akairudia kwa Kiswahili ili wa upande wa pili wasikie. "Mimi naitwa Kabatesi. Ninaandika majibu ya duka lile. Jibu alilosomewa mama lilikuwa lingine. Hili mlilosoma nimeliandika leo asubuhi."

Rukundo aliitazama tena ile simu.

"Leo," akasema.

"Leo. Ameshazikwa."

Akatoa daftari mkobani. Akasoma lile jibu la zamani lote, la ukuta na kifua, bila kuruka neno, na sauti yake haikukatika. Nilitaka aongeze kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyemwambia, kwamba karatasi yenye kitanda niliikunja mimi. Hakuongeza. Basi nikasimama nami, nikaisema ile ya karatasi. Sikuisema vizuri. Nadhani nusu yao hawakunielewa.

Mwanamke mmoja wa Kanama alianza kulia kwa sauti. Twahir alisogea kama anayetaka kumpiga Kabatesi, na Sano, ambaye hatukumwona akiingia, akajiweka katikati. Rukundo alisema jambo hili litapelekwa kwenye sheria, na Kabatesi akasema ndiyo, akamwandikia jina lake kamili na namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi. Kwa hiyo ndivyo wachunguzi walivyompata wiki iliyofuata, na ndivyo Cedric alivyopata mtu wa kumtupia lawama zote, na Kabatesi hajarudi tena kwenye ile meza. Mimi bado nafunga maboksi. Nasoma kila karatasi sasa, hata zile nisizozielewa nazipeleka kwa mtu anayezielewa, na hilo halimrudishi mtu yeyote.

Lakini nirudi pale uani. Kaltumu alikuwa hajamtukana Kabatesi wala hajamgusa. Alikuwa amekaa akilitazama lile daftari. Mwishowe akampungia mkono asogee, na Kabatesi akapiga magoti mbele yake kwenye mkeka.

"Iko humo?" akauliza Kaltumu. "Ile niliuliza?"

"Imo, Mama. Niliiandika yote."

"Basi nipe. Iribagiza akiamuka atanionea vibaya. Nitamuonyesha."

Kabatesi alichana ukurasa taratibu, akiufuata mshono ili maneno yasiharibike, na akampa. Ulikuwa ushahidi pekee wa Kabatesi kwamba alifanya kazi yake kwa uangalifu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Kaltumu aliugeuza huku na huku. Hajui kusoma. Akaurudisha mikononi mwa Kabatesi, akaweka kidole katikati ya karatasi, mahali ambapo swali lake halikuwapo.

"Usisome jibu," akasema. "Nisomee ile yangu tu. Kwa nguvu, basikie."

Kabatesi akamsomea.